Maelezo Namba Nne

Koplo Wanyonyi alimpiga Nasike saa nne asubuhi, jua likiwaka, mbele ya ploti nzima ya mtaa wa Matisi, Kitale, na miezi saba baadaye barua ikaja kusema hakuna aliyeona.

Hakuna aliyeona! Ploti ile ina vyumba kumi na vinane na mfereji mmoja wa maji, na saa nne ndiyo saa ya foleni ya mitungi. Siku hiyo mtu alikuwa amempelekea mzee wa Nyumba Kumi uvumi kwamba Mama Joan, kama Nasike anavyoitwa kwa jina la binti yake, anapika chang'aa, pombe haramu. Koplo akaja na askari wawili, akapindua masufuria yote, na alichokipata ni mahindi ya kuchemsha na uji wa wimbi. Mwingine angecheka akaenda zake. Wanyonyi hakucheka, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na Nasike naye, kwa ule mdomo wake usiojua breki, akamwambia atoe kile kijitabu chake aandike amekuta uji.

Rungu la kwanza lilivunja mkono wa kulia. Mlio wake ulikuwa wa bua kavu la mahindi, na Nasike anaukumbuka kuliko maumivu yenyewe. La pili lilikwenda usoni. Alipoanguka, koplo akashika ukuta asiteleze kwenye uji uliomwagika, akamkanyaga kichwa, akapumzika, akamkanyaga tena. Jicho la kushoto halikuona tena tangu siku hiyo. Milango ilikuwa imefungwa mmoja baada ya mwingine, na mitungi ikabaki peke yake kwenye foleni.

Nasike alifanya kila kitu ambacho mtu muungwana huambiwa afanye. Alijaziwa na daktari fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha. Alipopata nguvu alikwenda Bungoma, kwenye ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, akaandikisha maelezo, akasomewa, akatia sahihi kila ukurasa kwa mkono wa kushoto. Kisha akangoja. Barua ilipokuja ilikuwa na mistari minne tu: uchunguzi umekamilika, ushahidi hautoshi, hakuna shahidi aliyeona tukio, malalamiko yamefungwa.

Aliisoma mara tatu kwa jicho moja. Hasira ilimpanda. Joan, aliyekuwa ameolewa Matulo, alimwambia kwa simu asilie, aombe faili. Sheria inampa kila mwananchi haki ya kuomba habari iliyoko kwenye ofisi ya umma, na haulizwi anaitakia nini. Nasike akanunua karatasi za fulskepu, akaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili nacho kinakubaliwa:

"Mimi Nasike, mwenye kitambulisho nilichoambatanisha, naomba nakala za faili ya malalamiko yangu: fomu niliyojaza, maelezo yangu, maelezo ya watu wengine wote walioandikisha, majibu ya afisa niliyemlalamikia, ripoti za daktari, na uamuzi wa mwisho pamoja na sababu zake. Kama kuna mnachoninyima, mniambie kwa maandishi ni kipi na kwa nini."

Hiyo sentensi ya mwisho ilitoka kwa Joan. Barua ikapokelewa Bungoma, nakala yake ikagongwa muhuri, akaambiwa atajibiwa ndani ya siku ishirini na moja. Hapo alikuwa sawa kabisa. Kosa alilifanya siku iliyofuata.

Watu wa kwetu tunapenda muhuri. Karatasi isiyo na muhuri tunaiona kama haijavaa nguo. Nasike alitaka pia nakala ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo siku ile, basi akaandika barua nyingine, na ili waone hafanyi mchezo akaibandika nyuma ile ya Bungoma, akaipeleka kituoni Kitale kwenye meza ya mapokezi. Akasimama pale mpaka ikagongwa. Alitoka akiwa amenyoosha mgongo. Kabla ya saa sita barua hiyo ilikuwa mikononi mwa Koplo Wanyonyi.

Alikuja peke yake mchana, bila kelele. Alivuta stuli akaketi mbele ya jiko ambalo Nasike alikuwa anachomea mahindi, akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za jicho.

"Si umeomba faili? Umefanya vizuri," alisema. "Mimi pia naitaka. Ikikuja, ije kwangu kwanza."

Nasike akamuuliza ya nini, hali yeye ameshashinda.

Koplo akamweleza, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Wachunguzi walipomhoji walimuuliza mbona alishika ukuta alipokuwa anamkanyaga. Ukuta! Nasike mwenyewe alikuwa chini, macho yamejaa damu, hakuona ukuta wala mkono. Kwa hiyo kuna mtu alisimama mahali akaona, na akaenda Bungoma akasema. Faili imefungwa leo, lakini kesho inaweza kufunguliwa, na siku hiyo mtu huyo asiwepo. Alimfikiria kwanza Kipkemei, fundi wa viatu, na Nasike alijua kilichompata Kipkemei: alikutwa nyuma ya kibanda chake, taya limevunjwa pande mbili, akarudishwa kwao akinywa maziwa kwa mrija. Alikuwa hajasema lolote kwa mtu yeyote.

"Haikuwa yeye," koplo alisema. "Nilikosea."

Halafu akamshika Nasike mkono wa kushoto, ule mzima, akaukandamiza juu ya waya wa jiko. Akauacha pale huku akimtazama usoni. Nasike alipiga ukelele ambao ulisikika mpaka barabarani, na milango ya ploti ikafungwa kama siku ile.

Aliyetoka ni Kukhu Phelista peke yake, bibi wa miaka sitini na kitu anayekaa chumba cha mwisho. Alingoja koplo aende, akaja na maji na mafuta yake. Huyu ndiye mkandaji wa Matisi. Mwanamke akijifungua, Phelista humkanda siku saba kwa maji moto na mafuta ya simsim, na hakuna mwingine anayeifanya kazi hiyo tangu Matisi mpaka ng'ambo ya barabara. Aliufunga mkono wa Nasike bila kuuliza neno. Nasike alidhani ni woga, akamdharau kidogo moyoni, Mungu amsamehe.

Siku ya kumi na tisa Bungoma wakapiga simu. Nasike alikwenda akiwa amejaa mambo mawili yasiyokaa pamoja. Alitaka faili yake kuliko alivyotaka chakula. Na alijua kwamba jina likiwemo ndani, amebeba kifo cha mtu kwenye bahasha.

Afisa wa habari aliitwa Jelagat, mwanamke kijana wa kutoka mlimani, Elgon, mwenye sauti ya chini na meza safi. Alimpa bunda la karatasi na barua ya kuzifafanua. Fomu yake ilikuwemo yote. Maelezo yake, kurasa tano, yote. P3, yote. Majibu ya koplo yalikuwemo, yamefutwa kwa wino mweusi namba ya simu na mahali anapoishi, maana hayo ni ya faragha yake. Maoni ya wachunguzi waliyoandikiana kabla ya kuamua yalikuwa yamezuiwa, lakini uamuzi na sababu zake vilikuwemo. Mwisho kulikuwa na orodha ya vilivyomo kwenye faili, na kwenye orodha hiyo kulikuwa na mstari: maelezo namba nne, shahidi, kurasa mbili.

Na maelezo namba nne yenyewe yalikuwa hapo, meusi meusi. Jina limefutwa. Kitambulisho kimefutwa. Mtaa umefutwa.

Nasike akasahau woga wote. Alipiga meza kwa mkono uliofungwa kitambaa, akamwambia Jelagat kwamba wamemwandikia hakuna shahidi na shahidi huyu hapa, wamemkalia, na sasa wanampaka lami. Alisema maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa. Jelagat alimwacha amalize. Akamwambia hakushiriki kwenye uamuzi ule na hawezi kuutetea. Faili ni ya mlalamikaji, ndiyo, lakini shahidi naye ni mtu. Sheria inaruhusu kuzuia sehemu inayoweza kuhatarisha maisha ya mtu au kuingilia faragha yake, na kinachobaki lazima kitolewe. Kama hakubaliani, ana siku thelathini za kuomba tume ya kitaifa inayosikiliza watu walionyimwa habari ipitie upya. Na hilo la kufungwa malalamiko ni jambo jingine. Hapo aandikie ofisi iyafungue tena, au aende mahakamani.

"Soma kwanza, mama," alisema. "Ukitaka kupigana na mimi, nipo."

Nasike akasoma. Na kadiri alivyosoma, akazidi kusoma polepole, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuwa ameandika yaliyompata kama yalivyokuwa. Mkono ulivyovunjika. Ukuta. Alivyokanyagwa, mara mbili, na mapumziko katikati. Shahidi alikuwa ameandika: "Nililia nikashindwa kutoka, na hiyo aibu inanila." Nasike aliirudia sentensi hiyo na machozi yakamtoka kwenye jicho zima na kwenye lile bovu.

Halafu akafika mstari wa katikati ya ukurasa wa pili.

"Nilikuwa nimetoka kumkanda mzazi wa siku ya tatu, chupa ya mafuta ikiwa mkononi."

Jina lilikuwa limefutwa vizuri sana. Kitambulisho, vizuri. Na hapo katikati, kwa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, alikuwa amesimama Kukhu Phelista mzima mzima na chupa yake.

Akamwonyesha Jelagat mstari ule. Jelagat akausoma, akasema hakuna jina hapo. Kwao mlimani kila mji una mwanamke wa kukanda, mmoja au wawili. Ungeuliza nani, ungeonyeshwa ishirini. Nasike akamwambia Matisi ni mmoja. Akakifungua kitambaa, akauweka mkono wake mezani, na alama za waya wa jiko zilikuwa zimeungua kwenye kiganja, mraba kwa mraba. Akasimulia yote, mpaka taya la Kipkemei.

Jelagat aliutazama mkono ule, uso umembadilika. Kisha akasema, "Nilifuta majina nikadhani nimemaliza. Ni kosa langu."

"Futa huo mstari," Nasike akasema. "Futa na mafuta, futa na mzazi. Na hapo kwa foleni ya maji, futa."

"Ni faili yako. Hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kwako."

"Nimejua ni yangu. Futa."

Basi mwanamke aliyekuja kudai kila herufi akasimama juu ya bega la afisa akionyesha kwa kidole kipi kingine kifichwe. Walipomaliza, kurasa mbili zote zilikuwa na sababu ya kuzuiwa. Jelagat akazirudisha kwenye faili halisi, akaandika barua mpya: maelezo namba nne yapo, yamezuiwa yote, kwa sababu kuyatoa kunaweza kuhatarisha maisha. Akachukua pia malalamiko mapya ya Nasike kuhusu mkono na vitisho, akaahidi siku hiyo hiyo kuwaandikia wanaolinda mashahidi na wakubwa wa koplo. Akamsihi asirudi Matisi, aende kwa binti yake Matulo.

Nasike alifikiria. Akipotea, koplo atafikiria mtu mwingine kama alivyomfikiria Kipkemei, na ploti ina vyumba kumi na vinane. Lazima koplo aione hiyo faili kwa macho yake, aone haina kitu. Akaitia kwenye bahasha, akarudi Kitale.

Alimkuta koplo ndani ya nyumba yake, ameketi kwenye kiti cha mgeni, rungu kwenye magoti. Ilikuwa saa tisa mchana. Alimpa bahasha bila kuombwa. Wanyonyi alisoma ukurasa mmoja mmoja, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye barua ya Jelagat na lile neno yamezuiwa.

"Yapo," alisema.

"Wamekataa kunipatia. Soma hapo."

"Lakini wewe umejua."

Hapo ndipo palipomuuma Nasike. Asubuhi ya siku ile angeweza kuapa kwa jina la mtoto wake kwamba hajui, na ingekuwa kweli. Sasa alijua, na hakuwa mwongo mzuri. Akasema hajui. Rungu likampata begani. Akasema hajui. Likampata mbavuni, na kitu ndani kikaachana. Koplo alimwinua kwa nywele akampigisha uso kwenye fremu ya mlango, mara moja, mara mbili, akimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani, ni nani, na Nasike akatema jino pamoja na damu akasema hajui. Alipigwa mpaka mwenye kupiga akachoka mkono.

Watu walianza kukusanyika uani. Siku hii hawakufunga milango, labda kwa sababu kelele zilikuwa zimezidi. Wanyonyi hakukimbia. Alirudi akaketi kwenye kiti chake, akajifuta jasho, akaanza kuwatazama usoni mmoja mmoja. Nasike, akiwa sakafuni, akaelewa anachongoja. Anangoja aone nani analia, nani ana mkono unaotetemeka, nani atakayevuka mlango.

Aliyevuka ni Phelista. Alikuja na karai la maji, akapita mbele ya koplo kana kwamba hayupo, akapiga magoti. Mikono yake ilitetemeka mpaka maji yakamwagika. Alikuwa analia waziwazi, bibi wa watu, na Nasike akaona kwa pembeni koplo ameinamia mbele.

Alikuwa na muda wa pumzi moja. Akamtemea Phelista damu usoni.

"Toka kwangu!" alisema, na sauti ikatosha ua wote. "Wewe ndiye ulinipeleka kwa mzee wa Nyumba Kumi. Wewe ndiye ulisema napika chang'aa. Umenitolesha jicho, sasa unakuja kunililia ndiyo watu wakuone?"

Phelista alibaki na mkono hewani. Alimtazama Nasike kwa muda mrefu, akitafuta kitu kwenye jicho lile moja, na Nasike akalifanya liwe gumu kama jiwe. Ndani yake alikuwa anapasuka. Kisha bibi akajifuta uso kwa ncha ya leso, akasema, "Pole, Nasike," akainuka, akaacha karai.

Koplo akacheka. Kicheko cha kweli, cha mtu aliyetafuta shahidi wa Nasike akapata msaliti wake akiumbuka. Macho yake yakamwacha Phelista, yakapita kwa wengine, hayakupata kitu. Akairusha faili sakafuni, akaondoka.

Nasike alilazwa hospitalini na mbavu tatu zilizovunjika. Huko wodini, kwa mkono wa kushoto wenye makovu, aliandika barua yake ya pili kwenda Bungoma. Aliomba malalamiko yafunguliwe tena, kwa sababu uamuzi unasema hakuna shahidi aliyeona na orodha ya faili yenyewe inaonyesha maelezo namba nne ya shahidi. Kuhusu kuzuiwa kwa maelezo hayo aliandika kwamba hana pingamizi, ila anayeamua ayasome. Wiki mbili baadaye akajibiwa kwamba faili imefunguliwa, koplo ameondolewa kazini kwa muda, na mashahidi wasitajwe wala wasizungumziwe na mtu yeyote mpaka kesi iitwe.

Alirudi Matisi siku ya Jumamosi. Kwenye chumba cha mwisho mlango ulikuwa umepakwa kinyesi, na mtu ameandika kwa makaa neno msaliti. Mwanamke wa ploti ya pili alikuwa amejifungua, na mama yake alikuwa ametafutiwa mkandaji mwingine kutoka mbali. Jirani mmoja akamwambia Nasike kwa furaha kwamba yule bibi haongeleshwi na mtu, hata maji huteka wa mwisho, wamemlipizia.

Phelista alikuwa kwenye mfereji na mtungi wake, peke yake. Nasike alipita karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Alitaka kupiga magoti kwenye matope yale, akaita jina lake mbele ya wote. Jirani alikuwa bado anamtazama, na kesi ilikuwa bado haijaitwa, kwa hiyo akageuza uso akaingia nyumbani kwake.